Ukihamishwa Kazi Kabla Mkataba wa Nyumba Kuisha: Usimuuzie Mwenzako Dipositi

Mwezi wa nane, shule zikifungwa, barua za uhamisho huanza kutembea. Mwalimu wa Litein anaambiwa aripoti Makueni muhula wa tatu unapoanza, na muhula huo huanza mwishoni mwa Agosti. Si walimu peke yao. Wauguzi, makarani wa benki, maafisa wa kilimo na wafanyakazi wa viwanda vya majani chai wanaijua barua hii. Inakupa wiki mbili ufunge maisha yako Kericho au Bomet na uyafungue kwingine.

Kazi inahama kwa wiki mbili, lakini mkataba wa nyumba hauhami. Hapo ndipo tunaanza kupigiwa simu, kwa sababu mwisho wa mambo haya huwa ni pesa iliyotumwa kwa mtu asiyefaa, au pesa iliyotarajiwa ikakosa kuingia. Leo tunataka kusema jambo moja na kulitetea: ukimleta mtu wa kuchukua nafasi yako kwenye nyumba, asikulipe wewe dipositi yako. Amlipe mwenye nyumba, na mwenye nyumba akurudishie yako. Inaonekana kama kuzunguka bure. Sivyo, na tutaonyesha kwa hesabu.

Barua ya uhamisho haivunji mkataba

Tuanze na jambo ambalo wengi hawapendi kusikia. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kwamba mpangaji akihamishwa kazi, mkataba wake wa nyumba unakufa. Mwajiri wako na mwenye nyumba wako hawana mapatano yoyote kati yao. Kwa mwenye nyumba, barua ya uhamisho ni maelezo mazuri ya kwa nini unaondoka, lakini si ruhusa ya kuondoka.

Kwa hiyo kabla hujapiga simu yoyote, toa mkataba kwenye faili uusome. Swali ni moja: una muda maalumu au unalipa mwezi kwa mwezi?

Kama hamkuandikiana muda, wala hamkukubaliana kuhusu notisi, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inauhesabu upangaji wako kuwa wa kipindi. Kipindi chenyewe ni kile unacholipia kodi, na kwa watu wengi ni mwezi. Notisi isiwe fupi kuliko kipindi hicho, na iishe siku ambayo kodi inastahili kulipwa. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachowaponyoka watu. Kama kodi yako inastahili tarehe 1 na umetoa notisi tarehe 12 Agosti, usihesabu hadi tarehe 12 Septemba ukafikiri umemaliza. Notisi yako inaisha tarehe 1 Oktoba, na Septemba nzima ni yako kulipa. Ungeitoa kabla ya tarehe 1 Agosti, ungekuwa huru tarehe 1 Septemba.

Kama mliandikiana mwaka mmoja, mambo ni mazito zaidi. Angalia kama kuna kipengele kinachokuruhusu kutoka mapema kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili. Kikiwepo, kifuate neno kwa neno. Kisipokuwepo, uliahidi mwaka na mwenye nyumba anaweza kukudai ahadi hiyo. Huwezi kujitoa peke yako. Unaweza tu kumwomba akuachilie, na ombi zuri ni lile linalompa sababu ya kukubali.

Tuseme pia hapo hapo kwamba hatuwazungumzii wanaoishi kwenye nyumba za kampuni ndani ya mashamba ya chai. Nyumba ile inakuja na kazi na inaondoka na kazi. Habari hii ni ya anayepanga kwa mtu binafsi: Litein, Kapkatet, Kapsoit, Sotik, Silibwet, Bomet mjini na kwingineko.

Mwalimu na muuguzi: hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Mwalimu amepanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala Litein kwa shilingi 9,000 kwa mwezi. Alilipa dipositi ya mwezi mmoja, yaani 9,000. Mkataba ni wa mwaka mmoja, ulianza tarehe 1 Machi na utaisha mwisho wa Februari. Hauna kipengele cha kutoka mapema. Tarehe 11 Agosti anapata barua: aripoti Makueni tarehe 25.

Agosti ameshalipa. Kuanzia Septemba hadi Februari imebaki miezi sita. Mara 9,000, ni shilingi 54,000. Hiyo ndiyo pesa iliyo mezani, na ndiyo inayowafanya watu watoroke usiku na kuacha godoro.

Mwalimu wetu hatoroki. Siku hiyo hiyo anampigia mwenye nyumba, mzee mwenye shamba la chai ambaye ploti ile aliijenga polepole, bonasi baada ya bonasi.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising, mwalimu. Habari ya shule?"

"Shule ni nzuri, ila wamenihamisha. Naenda Makueni wiki ijayo kutwa. Najua mkataba wetu unaenda hadi Februari, na sitaki kukuachia nyumba tupu. Naomba nikuletee barua kesho, na nikutafutie mtu."

Mzee ananyamaza kidogo. "Mtu wa namna gani?"

Swali hilo ndilo moyo wa mazungumzo. Mzee hajauliza sheria inasema nini. Anataka kujua kama tarehe 5 ya kila mwezi simu yake itaendelea kulia, kwa sababu pengine mkopo wake wa sako unakatwa kutoka pesa hiyo hiyo.

Kesho yake mwalimu anapeleka barua. Ni fupi:

"Mzee, nimepokea uhamisho wa kazi kwenda Makueni, na nakala ya barua nimeiambatanisha. Ninaomba tuumalize mkataba wetu wa nyumba namba 4 kabla ya muda wake. Nitaondoka tarehe 23 Agosti. Nitaendelea kulipa kodi hadi tarehe 30 Septemba, au hadi siku ambayo mpangaji mpya uliyemkubali ataanza kulipa, ile itakayotangulia. Nitakuletea watu wa kuchagua, na uamuzi ni wako. Siku mpangaji huyo atakapoanza, ninaomba tuandikiane kwamba mkataba wangu umekwisha na sina deni la miezi iliyobaki, na dipositi yangu ya 9,000 irudishwe ikishatolewa gharama ya uharibifu wowote tutakaoukagua pamoja."

Soma tena yale maneno, "ile itakayotangulia". Yanamwambia mzee kwamba kwa wiki saba zijazo hatakosa kodi, mtu apatikane au asipatikane. Kwa mwalimu yanaweka mwisho wa pale anapojitolea kulipa. Na yanampa mwalimu sababu ya kutafuta mtu kwa bidii, kwa sababu kila siku anayompata mapema ni shilingi 300 anazookoa. Mzee akiikubali barua hii, aandike chini yake "nimekubali", aweke sahihi na tarehe. Asipoandika, barua ni ombi tu.

Mwalimu anawaleta watu wawili. Mmoja anataka kufungua kinyozi sebuleni, mzee anakataa. Wa pili ni muuguzi wa Kapkatet, ana kazi ya kudumu, ataishi na mtoto mmoja, lakini anaweza kuingia tarehe 15 Septemba tu. Mzee anamkubali.

Sasa hesabu. Septemba ina siku 30, kwa hiyo siku moja ni 300. Mwalimu analipa siku 14 za kwanza: 4,200. Muuguzi analipa siku 16 zilizobaki, 4,800, pamoja na dipositi yake ya 9,000. Jumla anamtumia mzee 13,800. Nyumba imekaguliwa, ukuta mmoja una mafuta ya jikoni na fundi ameupaka rangi kwa 1,500. Mzee anamrudishia mwalimu 7,500.

Mwalimu kuondoka kumemgharimu 4,200 na 1,500, yaani 5,700, badala ya 54,000. Mzee kwa Septemba amepokea 4,200 na 13,800, ambayo ni 18,000. Ametoa 7,500 kwa mwalimu na 1,500 kwa fundi. Amebaki na 9,000, kodi ya mwezi mzima bila siku moja kupotea. Muuguzi ana nyumba, ana mkataba kwa jina lake, na ana muamala unaoonyesha kwamba dipositi yake iko kwa mwenye nyumba.

Njia ya mkato, na kwa nini inauma

Watu wengi hawafanyi hivyo. Mwalimu anamwambia muuguzi, "Nipe tu ile 9,000 yangu ya dipositi, na wewe siku ukihama mzee atakupa." Muuguzi anaona sawa, kwani si pesa ni ile ile? Mzee mwenyewe anaweza kupenda, maana hatatoa hata senti. Malipo matatu yanakuwa moja, kila mtu anaenda kwake.

Pesa si ile ile. Muuguzi amemlipa mwalimu, na mwalimu si mwenye nyumba. Miaka miwili baadaye muuguzi anahama na kuomba dipositi. Mzee anafungua daftari, nyumba namba 4 bado imeandikwa mwalimu. "Mimi sijapokea dipositi yako, mama." Wala hasemi uongo. Muuguzi akitoa meseji ya malipo, ina jina la mtu aliye Makueni ambaye huenda ameshabadilisha namba ya simu.

Hata mzee akiwa mwungwana na akikubali kwamba dipositi ilihamishwa, bado kuna ule ukuta wa mafuta. Hakuna aliyekagua nyumba mwalimu alipotoka, kwa sababu hapakuwa na pesa ya kurudisha na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukagua. Muuguzi anakatwa kwa uharibifu wa mtu mwingine. Ukitaka kujua kama dipositi ilirithiwa hivi, uliza swali moja: nani alikagua nyumba siku ile, na aliandika nini? Kukiwa kimya, umepata jibu.

Kwa mwalimu pia njia hii ni mbaya kuliko inavyoonekana. Amepata 9,000 zake, lakini mkataba wake haujafutwa. Hapa kuna tofauti ambayo inafaa kuieleza polepole. Mtu akiingia kwenye nyumba yako, jambo linaweza kuwa moja kati ya mawili. Ama wewe umerudisha nyumba kwa mwenyewe na yeye ameandikiana mkataba mpya na mtu mpya, na wewe umetoka kabisa. Ama mkataba ni wako bado na wewe umempangishia mwenzako. Hili la pili likitokea, hata kwa kutojua, muuguzi akishindwa kulipa Novemba simu itakayolia ni yako, huko Makueni, darasani. Ndiyo maana tunasema usikubali "endelea tu na ile ile ya mwalimu". Muuguzi aandikiwe mkataba wake, na wako uandikwe kwamba umekwisha, tarehe ikionekana.

Halafu kuna walaghai. Tangazo la "nahama ghafla, nyumba nzuri, nilipe dipositi uchukue ufunguo" ni rahisi kubandika kwenye kikundi cha Wasap. Mtu anaweza kupokea dipositi tatu za nyumba moja kabla ya kuondoka, au akapokea za nyumba ambayo hata si yake. Mpangaji mpya akishika kanuni moja, kwamba hatumi pesa kwa mpangaji anayetoka hata awe mtu mzuri vipi, ulaghai huu haumgusi.

Malipo yaende kwa mpangilio huu

Kwa mpangaji mpya: zungumza na mwenye nyumba uso kwa uso, uone mkataba una jina lake, kisha tuma pesa kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba. Jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini, lisome. Likiwa si la mwenye nyumba wala la wakala aliyetajwa kwenye mkataba, simama. Tuma dipositi na kodi kama miamala miwili tofauti hata kama unaenda kwa mtu mmoja. Katika mfano wetu, 9,000 peke yake na 4,800 peke yake. Utalipa ada ya kutuma mara mbili, lakini miaka miwili baadaye hakuna atakayebishana kuhusu ipi ilikuwa ipi. Kama ploti inatumia namba ya kulipia ya kampuni, andika namba ya nyumba sawasawa kwenye sehemu ya akaunti, maana kosa la namba ya nyumba linaweza kulipia kodi ya jirani.

Kwa mwenye nyumba: rudisha dipositi kwa simu, si kwa noti mkononi. Tunajua wazee wanaopenda pesa taslimu, na tunawaelewa. Lakini siku mpangaji wa zamani atakaposema hakulipwa, noti hazina ushahidi. Kama umekata kitu, mtumie picha ya risiti ya fundi kabla ya kutuma salio, ili 7,500 isionekane kama 9,000 iliyoibwa.

Kwa anayetoka: usikabidhi ufunguo bila kukagua nyumba pamoja. Pigeni picha kila chumba, sinki, vioo, soketi. Andikeni namba iliyo kwenye mita ya maji, na kama mita ya stima ni ya tokeni, hakikisha haina deni ambalo litamkata mwenzako. Hifadhi taarifa ya miamala yako ya miezi yote uliyolipa kodi. Ukibadilisha laini ya simu ukifika kazini kupya, chukua taarifa hiyo kwanza.

Na tuseme ukweli wetu wenyewe. Watu hutuomba turudishe muamala baada ya mapatano ya nyumba kuharibika. Kurudisha muamala kuliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, kisha akakataa kukupa ufunguo, huo ni mgogoro kati yenu. Sisi hatuwezi kuchukua pesa kutoka simu moja kuingiza nyingine kwa sababu upande mmoja umetueleza. Ndiyo maana tunasisitiza yanayofanyika kabla ya kubonyeza.

"Lakini kwa nini mimi nibebe mzigo wake?"

Mwenye nyumba anaweza kuuliza hivyo, na swali ni la haki. Aliahidiwa mwaka. Hakumhamisha mwalimu yeye.

Tunamjibu hivi. Hebu tuseme anakataa kabisa. Mwalimu ataenda Makueni tu, mwajiri hangoji. Mzee anabaki na dipositi ya 9,000 na karatasi inayosema anadai 54,000 kutoka kwa mtu aliye mbali. Akienda kumshtaki, ataulizwa alifanya nini kupunguza hasara yake, maana katika madai ya mkataba uliovunjwa, aliyeumizwa hatakiwi kukaa mikono kifuani huku hasara ikikua. Akiwa alikataa muuguzi mwenye mshahara aliyekuwa tayari kuingia, jibu lake litakuwa gumu. Sheria ya Ardhi yenyewe inaonyesha roho hiyo: mpangaji anahitaji idhini ya maandishi kabla ya kumhamishia mtu mwingine upangaji, lakini idhini hiyo isinyimwe bila sababu ya maana.

Sababu ya maana ipo. Mtu asiye na kipato cha kulipa kodi hiyo, mtu anayetaka kufanya biashara kwenye nyumba ya kuishi, familia ya watu tisa kwenye chumba kimoja: mzee anaweza kusema hapana, na mwalimu alete mwingine. Kabila la mtu si sababu. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inamkataza hata mtu binafsi kubagua hivyo, na katika miji yetu ya chai, ambako watu wa kila pembe wanakuja kufanya kazi, ni vizuri hilo lisemwe wazi.

Kuna jambo jingine ambalo wenye nyumba hawalisemi kwa sauti: dipositi ilishatumika. Iliingia kwenye mabati, au kwenye karo. Hakuna sheria inayowalazimisha kuiweka kwenye akaunti ya kando, na wengi hawaiweki. Kwa hiyo mzee anayesema "subiri kidogo" huenda hana nia mbaya, hana pesa tu. Mpangilio tunaoutetea unatatua hata hilo. Dipositi ya muuguzi ikiingia asubuhi, ya mwalimu inaweza kutoka mchana, na mzee hakuhitaji kukopa. Kwa hiyo mwalimu, usidai dipositi tarehe 23 Agosti unapobeba vyombo. Idai siku muuguzi analipa, na mwandikiane hivyo mapema.

Usifanye pia ile tabia ya "dipositi ijilipe", yaani kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa kodi. Ukifanya hivyo umemwachia mzee ukuta wa mafuta bila pesa ya rangi, na umempa sababu ya kukataa barua yako wakati ambapo unahitaji akubali.

Ikishindikana

Mzee amesaini, muuguzi ameingia, Oktoba imefika na 7,500 haijatumwa. Anza kwa meseji ya maandishi yenye kiasi, tarehe mliyokubaliana na siku ya mwisho unayompa. Wengi huenda kwa chifu, na mara nyingi chifu anayemjua mzee humaliza jambo kwa kikombe cha chai. Chifu si hakimu, lakini si njia ya kudharauliwa.

Ikibidi kwenda mbele, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujitetea bila wakili. Baraza la Kodi za Nyumba lipo pia, lakini linahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba kimoja pembeni mwa mji kinaweza kuangukia hapo, lakini nyumba ya mwalimu wetu ya 9,000 haiangukii.

Popote utakapoenda utaulizwa vitu vile vile: mkataba, barua yenye sahihi ya mzee, picha za nyumba, na miamala. Mwalimu aliyefuata njia ndefu anavyo vyote kwenye simu yake. Aliyepokea 9,000 mlangoni kutoka kwa muuguzi ana meseji moja tu, nayo inaonyesha kwamba yeye ndiye aliyepokea pesa ya mtu.